Kutoka Ripoti ya Mradi hadi Ukurasa Anaousoma Mwajiri: Lengo, Wajibu, Mbinu na Matokeo

Ripoti ya mradi wa mwisho wa kozi huandikwa kwa ajili ya msimamizi na mtahini, watu ambao ni kazi yao kuisoma yote, na wanaotaka kuona kwamba mwanafunzi amefuata utaratibu tangu utangulizi, mapitio ya maandiko, mbinu za utafiti, hadi viambatisho. Mwajiri hana sababu hiyo ya kuisoma. Yeye ana nafasi moja ya kujaza na bahasha nyingi mezani, na swali lake ni fupi: mtu huyu, akipewa tatizo la ofisini kwetu, atalishughulikiaje? Kwa hiyo anayechukua ripoti yake ya kurasa 62 na kuipakia mtandaoni kama ilivyo, kisha akaweka kiungo chake kwenye wasifu, amempa mwajiri jibu la swali ambalo hakuuliza.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuugeuza mradi uliokwisha kuwa ukurasa mmoja wa jalada la kazi wenye sehemu nne: lengo, wajibu, mbinu na matokeo. Nitafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mfano huo nimeuunda mwenyewe pamoja na takwimu zake zote, lakini nimeufinyanga kwa udongo wa miradi ninayokutana nayo mara kwa mara katika maombi ya kazi za uchambuzi wa data.

Wanafunzi wanne wa mwaka wa tatu wa shahada ya takwimu walichunguza muda ambao wagonjwa husubiri kwenye dirisha la dawa la kituo kimoja cha afya. Walikaa kituoni siku 10 za kazi, wakaandika saa ambayo kila mgonjwa wa tatu alikabidhi cheti chake cha dawa na saa aliyoondoka na dawa zake, kisha wakapendekeza badiliko moja katika ratiba ya watoa dawa. Kituo kililijaribu badiliko hilo kwa siku 5. Mmoja wa wanafunzi hao, ambaye nitamwita mhitimu wetu, sasa anaomba kazi ya mchambuzi wa data katika shirika linalosimamia miradi ya afya.

Kabla ya kuandika: ruhusa na taarifa za watu

Jambo la kwanza halihusu uandishi. Barua ya ruhusa ambayo kituo cha afya kilimpa mwanafunzi ilikuwa ruhusa ya kukusanya data kwa ajili ya masomo, na mara nyingi haigusi kabisa suala la kuchapisha. Mhitimu wetu anapaswa kumwandikia mganga mfawidhi ujumbe mfupi wa kumweleza anachotaka kuweka hadharani na kuomba kibali, na huku akisubiri jibu aandike ukurasa bila kukitaja kituo kwa jina: "kituo cha afya cha mjini chenye dirisha moja la dawa" inatosha, kwa kuwa mwajiri hahitaji jina hilo ili kuelewa kazi. Vivyo hivyo awaarifu wenzake watatu na msimamizi, na asome kanuni za chuo kuhusu umiliki wa kazi za wanafunzi, kwani vyuo havilingani katika hilo.

Data yenyewe inataka uangalifu zaidi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Zote mbili huzipa taarifa za afya ya mtu ulinzi wa pekee. Katika mfano wetu, fomu ilikuwa na namba ya kadi ya mgonjwa, ambayo ilitumika kuoanisha saa ya kuingia na saa ya kutoka. Namba hiyo haina kazi tena na haipaswi kuonekana popote. Hata jedwali lililoondolewa namba linaweza kumtambulisha mtu iwapo linaonyesha kwamba siku fulani, saa 8.40 mchana, mwanamke wa miaka 71 alichukua dawa fulani. Njia salama ni kuchapisha jumla tu: idadi ya waliopimwa na muda wa kusubiri kwa kila saa ya siku, bila mstari wowote unaomwakilisha mtu mmoja.

Kuna mahali pa kujificha ambapo wengi hawapakagui. Safu iliyofichwa katika lahajedwali la Excel haijafutwa, na yeyote atakayelifungua faili anaweza kuifichua kwa kubofya mara mbili. Data iliyotolewa KoboToolbox, programu ya kukusanyia data kwa fomu, huja na safu ambazo mwanafunzi hakuziuliza, kama vile `_submitted_by`, inayoonyesha jina la akaunti ya aliyetuma fomu. Picha iliyopigwa kwa simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, na picha ya foleni inaweza kuonyesha sura za wagonjwa ambao hawakuombwa ridhaa. Mimi nisingeweka picha ya foleni kabisa; grafu inafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Kichwa na aya ya kwanza

Kichwa cha ripoti kilikuwa "Tathmini ya Mambo Yanayoathiri Muda wa Kusubiri Huduma ya Dawa katika Vituo vya Afya vya Ngazi ya Msingi: Uchunguzi Kifani". Kichwa cha ukurasa kiwe swali ambalo mradi ulilijibu, kwa maneno ambayo mfanyakazi wa kituo angeyatumia: "Kwa nini foleni ya dirisha la dawa ilikuwa ndefu asubuhi".

Chini yake huja aya moja yenye sehemu zote nne kwa kifupi, kwa sababu msomaji anaweza kuishia hapo:

"Katika mradi wa mwaka wa mwisho, sisi wanafunzi wanne tulipima muda wa kusubiri dawa wa wagonjwa 412 katika kituo kimoja cha afya. Mimi niliunda fomu ya kukusanyia data na kufanya uchambuzi. Tuligundua kwamba foleni ilirefuka kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, muda ambao mtoa dawa mmoja kati ya wawili alikuwa stoo akihesabu dawa. Kituo kilijaribu kuhamishia kazi hiyo mchana kwa siku 5, na kusubiri kwa saa hizo kukapungua, ingawa siku hizo pia zilikuwa na wagonjwa wachache zaidi."

Aya hii iandikwe mwisho, baada ya sehemu zote kukamilika, kisha ipandishwe juu. Anayeianza kabla hajaandika matokeo huishia kuandika utangulizi wa ripoti upya.

Lengo

Sehemu ya lengo haihitaji zaidi ya sentensi tatu au nne. Kosa lake la kawaida ni kurithi malengo mahsusi ya ripoti, yale yanayoanza na "kubainisha", "kuchunguza" na "kutathmini", ambayo yanaeleza shughuli za mtafiti na kumwacha nyuma mwenye tatizo. Ukurasa unapaswa kutaja nani alikuwa na shida, shida yenyewe ilionekanaje, na uamuzi gani ulisubiri jibu.

Mhitimu wetu anaweza kuandika hivi: "Wagonjwa walilalamika kwamba wanasubiri dawa muda mrefu kuliko wanavyomsubiri daktari. Uongozi wa kituo ulifikiri tatizo ni upungufu wa watoa dawa na ulikuwa unajiandaa kuomba mtumishi wa tatu. Lengo letu lilikuwa kupima muda halisi wa kusubiri kwa kila saa ya siku, ili ijulikane kama anahitajika mtu wa ziada au kupanga upya waliopo."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayobeba sehemu nzima, kwa kuwa ina njia mbili ambazo mtu alipaswa kuchagua mojawapo. Mradi usiokuwa na uamuzi wa namna hiyo, kwa mfano zoezi la darasani lililotumia data ya kupewa, useme wazi kwamba ni zoezi na utaje ujuzi uliopimwa. Kuubunia mteja ambaye hakuwapo ni uongo, na swali moja la usaili hutosha kuufichua.

Wajibu

Hapa ndipo kurasa nyingi zinapoharibika. Ripoti ya kikundi huandikwa kwa "sisi", au kwa vitenzi visivyomtaja mtendaji, kama "data ilikusanywa" na "uchambuzi ulifanyika", na lugha hiyo ikihamishiwa kwenye ukurasa wa kazi, mwajiri hawezi kujua aliyefanya nini. Kuna pia wanaokwenda upande wa pili na kubadilisha kila "tuli" kuwa "nili". Hao wanasahau kwamba wenzao watatu huenda wanaomba kazi hiyohiyo kwa mradi uleule, na kwamba msailiwa wa pili anapodai kuwa yeye ndiye aliyechambua data yote, maombi yote mawili hutiliwa shaka.

Namna ya kuitengeneza sehemu hii ni kuchukua karatasi, kuandika kazi zote za mradi moja chini ya nyingine, na mbele ya kila kazi kuandika neno moja kati ya matatu: "peke yangu", "pamoja", au "mwenzangu". Wenzake wasomewe karatasi hiyo kabla ya kitu chochote kuchapishwa. Mazungumzo hayo huwa mafupi kuliko watu wanavyohofia, na hutatua mapema mambo ambayo yangezua ugomvi baadaye. Kwa mhitimu wetu karatasi ilitoa maandishi haya:

"Tulikuwa wanne. Mimi niliunda fomu katika KoboToolbox na kuijaribu kwa siku 2 kabla ya kazi yenyewe. Kukaa dirishani tulikufanya sote kwa zamu. Kati ya zamu 20 mimi nilikaa 6. Nilisafisha data yote na kufanya uchambuzi kwa R. Mahojiano na watoa dawa yalifanywa na mwenzangu, na ndiyo yaliyofichua suala la kuhesabu dawa. Mapendekezo tuliyaandika wawili."

Angalia sentensi inayomtaja mwenzake. Ugunduzi mkubwa wa mradi haukutoka katika uchambuzi wake. Grafu ilionyesha saa ambayo foleni inarefuka, lakini sababu ilitoka katika mahojiano. Mtu anaweza kudhani kwamba kukiri hivyo kunampunguzia thamani. Kwa ninavyosoma mimi maombi, sentensi hiyo ndiyo inayonifanya niamini zilizobaki, kwa kuwa mwandishi ameonyesha kwamba anajua mpaka kati ya kazi yake na ya mwenzake.

Kuorodhesha kazi hakutoshi, hata hivyo. Wajibu huonekana hasa katika uamuzi, kwa hiyo ongeza uamuzi mmoja uliokuwa mikononi mwako, sababu yake, na njia uliyoiacha. Mhitimu wetu anao uamuzi mzuri. Mpango wa awali wa kikundi ulikuwa kuwauliza wagonjwa wamesubiri kwa muda gani. Katika siku 2 za majaribio aliwauliza wagonjwa 30 swali hilo huku akiwa ameandika saa zao za kweli pembeni, akakuta karibu wote wanajibu "nusu saa" au "saa nzima", hata aliyesubiri dakika 20. Akaliacha swali hilo na kubuni fomu inayoandika saa mbili tu, ya kukabidhi cheti na ya kupokea dawa. Maelezo haya yanachukua sentensi tatu kwenye ukurasa, na yanaeleza fikra za mtu kuliko orodha ndefu ya programu anazozijua.

Kipimo cha sehemu hii ni rahisi. Pitia kila kitenzi ulichokitanguliza na "nili" na ujiulize kama unaweza kukizungumzia kwa dakika 5 mbele ya mtu anayeijua kazi hiyo, ukieleza ulianzaje, nini kilikwama na ulikitatuaje. Kitenzi kisichostahimili swali hilo kirudishwe kuwa "tuli", au kiondolewe.

Mbinu

Katika ripoti sura ya mbinu ndiyo ndefu, na katika ukurasa inapaswa kuwa fupi. Ondoa nadharia, ondoa fasili za aina za sampuli, ondoa aya inayoeleza kwa nini utafiti wa kiidadi ulichaguliwa. Baki na mambo ambayo yakibadilika, matokeo nayo yangebadilika: nani alipimwa, kitu gani hasa kilipimwa, kwa muda gani, na data iliharibika wapi.

Hilo la mwisho watu hulificha, nami ningewashauri waliweke mbele, kwa sababu kazi ya kila siku ya mchambuzi wa data ni kushughulika na data mbovu. Kwa mhitimu wetu sehemu hii ingesomeka hivi: "Tuliandika saa za kila mgonjwa wa tatu aliyefika dirishani kwa siku 10. Tulipata mistari 437. Niliondoa 25: 11 ilijirudia kwa sababu fomu zilitumwa mara mbili mtandao ulipokatika, 9 ilikuwa na saa ya kutoka iliyotangulia saa ya kuingia, na 5 haikuwa na saa ya kutoka. Ilibaki 412. Nilitumia mediani, yaani muda wa mtu aliye katikati watu wote wakipangwa kuanzia aliyesubiri kidogo hadi aliyesubiri sana, kwa kuwa wagonjwa wachache waliosubiri zaidi ya saa 2 wangeupandisha wastani."

Msomaji makini atajumlisha 11, 9 na 5, kisha atatoa 25 katika 437. Mimi hufanya hivyo kila mara, na nimekwisha kukuta kurasa nyingi ambazo hesabu zake hazikubaliani, kwa kawaida kwa sababu mwandishi alichukua namba moja kutoka rasimu ya kwanza na nyingine kutoka rasimu ya mwisho. Rudi kwenye faili la data na uzihesabu namba zote upya kabla ya kuziandika.

Matokeo

Alama A si matokeo ya mradi, wala "tuliwasilisha ripoti kwa mafanikio" si matokeo. Alama inaweza kutajwa kwa maneno machache mwishoni mwa ukurasa. Matokeo ni kile kilichojulikana na kile kilichobadilika, na mambo hayo mawili yatenganishwe, kwa kuwa uhakika wake haulingani.

Kilichojulikana ni hiki: kwa siku zote 10 mediani ya kusubiri ilikuwa dakika 31. Kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi ilikuwa dakika 51, na baada ya saa 6 mchana ilikuwa dakika 19. Katika saa hizo mbili za asubuhi mtoa dawa mmoja alikuwa stoo akihesabu dawa na kujaza leja. Hapa mwandishi anasimama mahali palipo imara na anaweza kusema bila woga, kwa kuwa anaeleza alichokipima.

Kilichobadilika kinahitaji uangalifu zaidi. Kituo kilihamishia kuhesabu dawa mchana kwa siku 5, na mediani ya saa 3 hadi saa 5 ikashuka kutoka dakika 51 hadi 38. Kishawishi cha kuandika "tulipunguza muda wa kusubiri kwa asilimia 25" ni kikubwa sana. Hesabu yenyewe ni sahihi, kwani dakika 13 ni karibu robo ya 51. Lakini tazama idadi ya watu. Katika siku 10 za kwanza walipimwa watu 168 kwa saa hizo, karibu 17 kwa siku. Katika siku 5 za jaribio walipimwa 61, karibu 12 kwa siku. Kwa kuwa wote walipimwa kwa utaratibu uleule wa kila mgonjwa wa tatu, maana yake ni kwamba kituo chenyewe kilikuwa na watu wachache asubuhi hizo, na foleni yenye watu wachache hupungua hata kama hakuna aliyegusa ratiba.

Basi ukurasa useme hivyo: "Mediani ya saa hizo ilishuka kutoka dakika 51 hadi 38. Sehemu ya upungufu huo huenda imetokana na idadi ndogo ya wagonjwa, kwani tulipima watu 12 kwa siku badala ya 17. Kama ningepata wiki mbili zaidi, ningelinganisha siku zenye idadi ya wagonjwa inayokaribiana."

Sentensi hizi tatu zinamwonyesha mwajiri mambo ambayo cheti hakiwezi kumwonyesha: kwamba mwombaji huyu anaikagua namba inayompendeza kwa ukali uleule anaokagua isiyompendeza, na kwamba anajua kipimo kinachofuata. Shirika linaloandika taarifa kwa wafadhili linamhitaji mtu wa namna hiyo, kwa sababu dai lililozidi uwezo wa data siku moja litarudi ofisini na kuomba maelezo.

Dalili za kuzidisha chumvi huonekana katika vitenzi. "Tuliboresha huduma" haielezi huduma ipi, kwa kipimo kipi, wala kwa siku ngapi. "Mradi ulileta mabadiliko makubwa" hauwezi kuthibitishwa wala kupingwa. Kila kitenzi cha aina hiyo kibadilishwe kwa namba mbili, ya kabla na ya baada, pamoja na muda ambao zilipimwa. Zikikosekana, sentensi iondoke.

Na kama mapendekezo hayakutekelezwa, ripoti ikabaki kabatini? Hali hiyo ndiyo ya miradi mingi, na haina aibu. Andika kilichokabidhiwa na kwa nani: fomu ambayo kituo kinaweza kuendelea kuitumia, jedwali la muda kwa kila saa, kikao cha kuwasilisha matokeo kwa watumishi. Kisha ueleze kwa sentensi moja ungepima nini iwapo pendekezo lingetekelezwa.

Grafu moja

Ripoti ilikuwa na michoro 14. Ukurasa uwe na mmoja, ule ambao ukiondolewa hoja inaanguka: pau zinazoonyesha mediani ya kusubiri kwa kila saa, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri, na pau mbili za saa 3 hadi saa 5 zikiwa na rangi iliyokolea. Maelezo chini ya grafu yataje inachoonyesha badala ya jina la jedwali: "Kusubiri kulizidi dakika 45 saa ambazo mtoa dawa mmoja alikuwa stoo". Maandishi ndani ya grafu yasomeke kwenye simu, na ukubwa wa faili usizidi kilobaiti 200, kwa sababu picha ya skrini ya megabaiti 4 humfanya msomaji mwenye bando dogo aondoke kabla haijafunguka.

Kuuweka mtandaoni

Huduma ya GitHub Pages hutoa nafasi bila malipo kwa hifadhi zilizo wazi kwa umma. Fungua hifadhi mpya, ipe jina la akaunti yako likifuatiwa na `.github.io`, pakia faili liitwalo `index.html` pamoja na picha ya grafu, kisha katika `Settings` fungua `Pages` na uchague tawi la `main`. Baada ya dakika chache ukurasa huonekana. Mifupa yake ni hii:

```html
<!DOCTYPE html>
<html lang="sw">
<head>
<meta charset="utf-8">
<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">
<title>Foleni ya dirisha la dawa</title>
</head>
<body>
<h1>Kwa nini foleni ya dirisha la dawa ilikuwa ndefu asubuhi</h1>
<p>Aya ya muhtasari</p>
<h2>Lengo</h2>
<h2>Wajibu wangu</h2>
<h2>Mbinu</h2>
<h2>Matokeo</h2>
<img src="foleni.png" alt="Mediani ya kusubiri kwa kila saa" width="100%">
</body>
</html>
```

Mstari wenye neno `viewport` usiachwe. Bila huo simu huonyesha ukurasa mzima kwa herufi ndogo mno. Iwapo tangazo la kazi limeandikwa kwa Kiingereza, andika ukurasa kwa Kiingereza na ubadilishe `sw` iwe `en`.

Hapa lipo onyo linalohusiana na taarifa za wagonjwa. GitHub hutunza historia ya kila faili. Aliyepakia data ghafi kwa bahati mbaya kisha akaifuta hajaiondoa, kwani yeyote anaweza kurudi kwenye toleo la jana na kuipakua. Dawa iliyo rahisi kwa asiyezoea amri za Git ni kuifuta hifadhi nzima, kufungua nyingine, na kupakia humo mafaili safi pekee. Kwa hiyo anza na folda tupu kwenye kompyuta yako na unakili ndani yake faili moja moja ambalo umelikagua. Usiburute folda nzima ya mradi.

Ukurasa ukishapanda, ufungue kwenye dirisha la faragha la kivinjari, ambalo halikutambui kwa akaunti zako, na ubofye kila kiungo. Kiungo cha Google Drive ambacho kwako hufunguka vizuri kinaweza kumwonyesha mwajiri maneno `You need access`, na hatakuandikia kukuomba ruhusa. Kisha mpe simu mtu asiyeujua mradi, aupitie ukurasa kwa dakika 2, umchukue simu, na umuulize maswali mawili: foleni ilisababishwa na nini, na mimi nilifanya nini? Akikosa la kwanza, tatizo liko katika aya ya juu. Akikosa la pili, rudi kwenye sehemu ya wajibu.

Kuutuma

Katika wasifu, mradi uchukue mistari miwili: kichwa chake, wajibu wako kwa maneno yasiyozidi kumi, na anwani ya ukurasa iliyoandikwa kwa ukamilifu ili isomeke hata wasifu ukichapishwa kwenye karatasi. Katika barua ya maombi, chagua jambo moja ndani ya ukurasa linalogusa tangazo la kazi. Tangazo likisema mchambuzi atabuni fomu za kukusanyia taarifa, mhitimu wetu aandike kuhusu wagonjwa 30 waliojibu "nusu saa" na uamuzi uliofuata, kisha amwelekeze msomaji kwenye ukurasa. Likitaja usafishaji wa data, aanze na mistari 25 aliyoiondoa.

Siku ya usaili aende na grafu ile imechapishwa kwenye karatasi ya A4, pamoja na hesabu za watu 168 na 61 zikiwa nyuma yake kwa mkono wake, kwa sababu swali la kwanza la msaili aliyesoma ukurasa hadi mwisho litakuwa ni kwa nini siku zile 5 zilikuwa na wagonjwa wachache.